Chupa tano zikawa kumi na tatu: kujaza shelfu kwenye picha ya duka, na pale tangazo linapogeuka ulaghai

Nina kijisteshenari Ngamiani, Tanga. Kazi yangu ni kutoa kopi, kupiga picha za pasipoti na kuchapa kadi za harusi. Siku hizi, karibu kila wiki, mwenye duka mmoja hunijia na simu mkononi akisema shelfu lake lina mapengo na anataka lionekane limejaa. Anataka kuliweka kwenye status ya WhatsApp, au kulichapisha kwenye bango.

Ombi lenyewe si la ajabu. Shelfu lenye mapengo linasema duka linakufa, hata kama lina mapengo kwa sababu mzigo umenunuliwa vizuri. Mwongozo huu ni wa namna ya kulijaza picha ikatoka safi, na wa mahali pa kusimama. Nitautembeza kwa kazi moja niliyoifanya, ya mama mwenye duka la vyombo si mbali na Soko la Mgandini, kwa sababu ndani yake mlikuwa na karibu kila kitu: jambo la halali, jambo la kukataa, na jambo lililokuwa halali siku ya kwanza likawa haramu siku ya tatu bila picha kubadilika hata nukta moja.

Kwanza hesabu, picha baadaye

Mama alikuwa na shelfu la ngazi tatu. Ngazi ya kati ilikuwa ya chupa za chai, zile za bati linalong'aa zenye ua jekundu ubavuni, nazo zilikuwa tano mahali panapoweza kukaa kumi na tatu. Ngazi ya chini zilikuwepo hotpoti mbili tu. Akataka chupa zijae, hotpoti zijae, na pembeni niongeze jiko la umeme la kupikia wali ambalo, alisema, "litakuja".

Kabla ya kugusa simu nilimwomba tuhesabu. Chupa za chai: tano dukani, na katoni mbili za kumi na mbili nyumbani kwake Mikanjuni. Jumla 29. Hotpoti: mbili, basi, mzigo mwingine umeagizwa Kariakoo na haujapakiwa. Jiko la wali: hana, hajawahi kuwa nalo.

Utauliza, kama chupa 24 zipo nyumbani, kwa nini zisiletwe zikapangwa? Na ndilo swali la kwanza unalopaswa kumuuliza mteja wako, hata kama litakukosesha kazi. Kupanga bidhaa halisi huchukua nusu saa, na hakuna programu inayoshinda hilo. Lakini mama alikuwa na sababu ya kibiashara. Katoni iliyofungwa huiuza kwa bei ya jumla kwa wachuuzi wa vijijini, na ikishafunguliwa hawaitaki, wanahisi imechaguliwa. Kwa hiyo katoni zilibaki na utepe wake, na chupa tano zikalazimika kuigiza kumi na tatu.

Chukua daftari uandike hesabu hiyo pamoja na tarehe. Mwisho wa kazi utaona kwa nini.

Usinakili chupa, ihamishe

Wengi hukosea hapa. Wanapiga picha moja, wanakata chupa moja kwa programu, wanaibandika mara nane. Matokeo yake ni gwaride: ua lilelile, limeangalia upande uleule, mng'ao uleule ubavuni, na mkwaruzo uleule kwenye kifuniko mara tisa. Jicho la mnunuzi halijui limeona nini ila linajua kuna kitu. Na chupa ya bati ni kioo: humo ndani kuna mlango wa duka, kuna wewe mpiga picha, kuna chupa ya jirani. Ukiibandika kwingine inabeba taswira ya kule ilikotoka.

Njia safi ni kupiga picha kadhaa simu ikiwa haijasogea, huku ukihamisha chupa zilezile tano kwenye nafasi mpya. Kila chupa inapigwa mahali pake, kwa mwanga wa mahali pake, na kivuli chake chenyewe. Kompyuta inabaki na kazi ya kuunganisha tu.

Iweke simu juu ya kitu kisichotikisika. Mimi nilipandanisha kreti za soda hadi simu ikawa usawa wa ngazi ya kati, nikaiegemeza kwenye tofali. Simama umbali wa kama mita mbili na utumie ukuzaji wa mara mbili, usisogee karibu kwa lenzi pana, maana lenzi pana hulaza chupa za pembeni kama zimelewa. Zima flashi. Gusa chupa ya katikati kwenye kioo, kandamiza kidole mpaka simu ifunge fokasi na mwanga. Kwenye iPhone utaona maneno `AE/AF LOCK`, na simu nyingi za Android huonyesha alama ya kufuli. Usipofunga, simu itapima mwanga upya kila picha, na picha ya pili itatoka ya njano kuliko ya kwanza. Weka taimeri ya sekunde tatu ili kidole chako kisiitikise simu.

Sasa mpangilio, na humu ndimo ulimo ufundi wenyewe. Nafasi za shelfu zihesabu kutoka kushoto, moja hadi kumi na tatu, kila nafasi ukiiwekea nukta ndogo ya penseli mahali ambapo kitako cha chupa kitaifunika.

Picha ya kwanza: chupa tano ziko nafasi ya kwanza hadi ya tano. Piga.

Kisha chupa ya tano usiiguse kabisa. Chukua zile nne za kushoto kwake uzihamishie kulia, nafasi ya sita hadi ya tisa. Piga picha ya pili.

Sasa ya tisa ndiyo isiyoguswa. Nne zilizo kushoto kwake, kuanzia ile ya tano, zihamishie nafasi ya kumi hadi ya kumi na tatu. Piga ya tatu.

Kwa nini hizo mbili zisiguswe? Kwa sababu ndizo mpaka. Chupa ya tano kwenye picha ya kwanza ina jirani wa kushoto, na bati lake la kushoto linamwonyesha. Kwenye picha ya pili ina jirani wa kulia, na bati la kulia linamwonyesha. Ukichukua nusu yake ya kushoto kutoka picha ya kwanza na nusu ya kulia kutoka picha ya pili, unapata chupa moja nzima iliyobanwa na majirani pande zote, kama ingekuwa kweli. Lakini hilo linawezekana tu kama haikusogea hata kidogo.

Kila unapohamisha chupa, izungushe kidogo ili ua lisikae pale pale, na ile yenye mkwaruzo igeuzie mkwaruzo ukutani. Fanya haraka. Wingu likipita, au mteja akisimama mlangoni kuuliza bei ya mwiko, mwanga umebadilika na unaanza upya. Mimi nilianza upya mara mbili, mara ya pili kwa sababu ya jirani aliyekuja kuazima ndoo na kukaa.

Kuunganisha

Natumia GIMP, programu ya kuhariri picha, kwa kuwa haina malipo na inakwenda hata kwenye kompyuta yangu kuukuu. Fungua picha ya kwanza kwa `File > Open`, kisha lete ya pili na ya tatu kwa `File > Open as Layers`. Utaziona upande wa kulia kama matabaka matatu. Panga ya kwanza iwe chini, ya pili katikati, ya tatu juu.

Hakiki kwanza kama simu kweli haikusogea. Zima jicho la tabaka la juu, chagua tabaka la pili, na pale palipoandikwa `Mode` weka `Difference`. Kila kinachofanana kati ya picha mbili kitakuwa cheusi, na kilichobadilika kitang'aa. Unachotaka ni kuona chupa zilizohama zinang'aa, na shelfu, ukuta na chupa ya tano vimezama gizani. Ukiona mstari mwembamba unaong'aa kwenye ukingo wa shelfu, picha zimepishana; chukua chombo cha kusogeza, herufi `M`, na uisukume kwa vishale vya kibodi mpaka mstari upotee. Zikishakubaliana rudisha `Mode` kuwa `Normal`. Fanya vivyo hivyo kwa tabaka la tatu, ukililinganisha na la pili.

Chagua tabaka la pili. Bonyeza `R` upate kichaguzi cha mstatili, washa `Feather edges` na uipe `Radius` ya kama 10. Vuta mstatili kuanzia katikati ya chupa ya tano, juu hadi chini ya picha, mpaka ukingo wa kulia. Nenda `Layer > Mask > Add Layer Mask`, chagua `Selection`, kubali. Tayari: kushoto kwa mstari unaona picha ya kwanza, kulia unaona ya pili. Washa tabaka la tatu, lichague, vuta mstatili mwingine kuanzia katikati ya chupa ya tisa hadi mwisho wa kulia, rudia hatua zilezile, kisha ondoa mstatili kwa `Select > None`. Chupa kumi na tatu.

Tazama mipaka miwili kwa kuikuza hadi asilimia 200. Ukiona upande mmoja wa chupa umepauka kidogo kuliko mwingine, chagua tabaka lililopauka lenyewe na si `Mask` yake, fungua `Colors > Curves`, vuta mstari kidogo tu kuelekea chini mpaka pande ziungane. Kidogo, kama chumvi. Kama ua kwenye chupa ya mpaka limekatika, hiyo si kazi ya rangi, ni chupa iliyoguswa. Rudi dukani.

Hifadhi kama `.xcf` ili matabaka yabaki, kisha toa nakala ya kutuma kwa `File > Export As` ukiandika jina linaloishia na `.jpg`. Faili lile la `.xcf` usilifute. Ndilo ushahidi wako wa nini kiliongezwa na nini kilikuwepo.

Ukiwa na picha moja tu

Pengine mwenye duka yuko Lushoto na amekutumia picha moja basi. Inawezekana kubandika, ila jiwekee mipaka. Chupa ichukuliwe kwenye ngazi ileile inapobandikwa. Iliyo chini ya usawa wa macho inaonyesha juu ya kifuniko, iliyo juu inaonyesha kitako, na ukihamisha ya chini kwenda juu itaonekana inaanguka. Usiigeuze kulia kushoto ili ionekane tofauti: maandishi yatasomeka kinyume, na mng'ao utatoka upande ambako hakuna mlango. Unapoikata, acha upana wa kidole kuizunguka ili ubebe kivuli chake cha chini, maana chupa isiyo na kivuli pale inapokanyaga huelea. Vibandiko viwili au vitatu vinapita. Vikizidi hapo gwaride linaanza.

Na zile programu za simu zinazojaza pengo zenyewe kwa kubuni, kwenye picha ya duka ziache. Hazijui mama ana chupa gani. Zitachora chupa inayofanana na chupa, yenye ua ambalo halikuchorwa na kiwanda chochote, na mteja akija na picha mkononi hakuna mtu duniani anayeweza kumuuzia.

Mstari uko wapi

Nilikwisha kosea, ndiyo maana naandika. Miaka michache nyuma nilijaza shelfu la duka jingine, chupa vilevile. Dukani kulikuwa na za buluu, mwenye duka akaniambia stoo zipo nyingi, nikanakili za buluu. Sikwenda kuangalia. Stoo zilikuwepo kweli, nyekundu. Mama mmoja akapanda gari kutoka Muheza kufuata sita za buluu za sanduku la bintiye, akakuta mbili. Hakugombana. Aliuliza tu, "Sasa zile za kwenye picha ziko wapi, mwanangu?" na mwenye duka akanielekezea kidole mimi, niliyekuwa nimekuja kudai hela yangu. Nauli yake aliilipa nani? Aliilipa yeye.

Tangu siku ile sijiulizi tena kama picha "imehaririwa". Kila picha ya tangazo imefanyiwa kitu. Muuzaji anayevuta bidhaa mbele ya shelfu ili nyuma kusionekane kuko tupu amehariri kwa mikono, na hakuna anayemwita laghai. Najiuliza atakayeitazama ataamua nini kwa sababu ya kile nilichoongeza.

Mnunuzi wa rejareja wa hapa mjini anataka chupa moja. Picha inamwambia zipo, ziko hivi, unaweza kuchagua. Ziwe tano au kumi na tatu kwake ni sawa, mradi akifika anapata chupa ileile, rangi ileile, ukubwa uleule. Kwa mama wa Mgandini chupa zote 29 zilikuwa nyekundu za aina moja. Safari hii nilikwenda Mikanjuni mwenyewe, nikasoma ubavu wa katoni. Kwa hiyo chupa zilijaa.

Hotpoti nilizikataa. Zilikuwa mbili, na nyingine hazikuwepo nyumbani wala njiani. Mzigo ulioagizwa si mzigo, na anayekaa Tanga anajua gari la Dar linavyoweza kulala Segera. Mama akasema, "Lakini nitakuwa nazo Alhamisi." Nikamjibu, basi mama, Alhamisi nitakupigia picha nyingine bure. Tulichofanya ni kuzisogeza mbili zile katikati ya ngazi, moja imefunuliwa kifuniko, na kando yake chano cha vikombe alivyokuwa navyo kwa wingi. Ngazi haikuonekana tupu, na hakuna hotpoti ya uongo.

Jiko la wali halikuhitaji mjadala. Kuonyesha kitu usichokuwa nacho ili mtu aje, kisha umuuzie sufuria, ni ndoano na chambo.

Kuna na upande wa pili ambao watu hawaufikirii: kupunguza. Mwenye duka ana ishirini, anataka zifutwe zibaki mbili aandike "zimebaki mbili, wahi". Kufuta ni rahisi kuliko kuongeza, na ni ulaghai uleule, kwa kuwa haraka ya mnunuzi imetokana na pengo ulilolichora wewe.

Sheria haiko mbali na mantiki hii. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, katika kifungu cha 15 inakataza mwenendo wa kibiashara unaopotosha au kudanganya, au unaoelekea kufanya hivyo. Soma tena maneno ya mwisho. Hayasubiri mtu awe ameshapoteza nauli. Kusema "sikukusudia" kunaweza kukusaidia kwa mama wa Muheza, lakini kipimo kilichoandikwa hapo ni picha inaelekea kumfanya mtu aamini nini.

Wengine hudhani wakiandika chini kwa herufi ndogo "picha ni kwa ajili ya matangazo tu" wamejisafisha. Maandishi yanasaidia kuelezea kitu cha kweli, hayaponyi uongo uliojaza picha nzima. Kwa chupa za mama tuliandika kwa herufi zinazosomeka: "Chupa za chai nyekundu, lita 2. Za jumla uliza idadi kwanza." Sentensi ya pili ndiyo ya maana, na sababu yake ni mchuuzi.

Mchuuzi wa Pangani haji kwa chupa moja. Anatazama shelfu na kuhesabu, na anafunga safari kwa sababu ya hesabu. Kwake kumi na tatu ni ahadi. Siku ile ahadi ingetimia, lakini wiki mbili baadaye? Ndiyo maana mwenye kununua kwa wingi simtumii picha ya shelfu. Namtumia picha ya katoni zenyewe na namba ya leo.

Umri wa picha

Picha ya kweli huchacha. Shelfu lililojazwa kwa haki Jumatatu linaweza kuwa la uongo Ijumaa, hivyo chagua mahali pa kuliweka kwa kufuata umri wa mzigo. Status ya WhatsApp hujifuta baada ya saa 24, na kwa picha ya namna hii ni mahali salama kuliko pote: ukitaka kuirudia kesho, unahesabu kesho. Chapisho la Instagram hukaa mpaka ulitoe. Bango la turubai lililotundikwa nje ya duka litakaa miaka, litapauka jua, na chupa zile zitakuwa zimeacha kutengenezwa. Kwa bango sijazi shelfu kamwe. Naweka bidhaa moja moja za aina ambayo duka halikosi, au sura ya duka lenyewe.

Turudi kwenye daftari. Chini ya hesabu niliandika: picha inaonyesha 13, zilizopo 29, itolewe zikishuka chini ya 13. Mama akabandika kikaratasi hicho ndani ya mlango wa kabati la pesa.

Picha ileile, mlango mwingine

Siku ya tatu alirudi, jioni, anataka nimchapie picha ile kwenye karatasi nzito. Alikuwa anaomba mkopo wa kuongeza mtaji na ameambiwa apeleke picha za biashara.

Kilichokuwa halali Jumatatu kiligeuka hapo hapo. Mtoa mkopo hatazami kama chupa zipo. Anatazama zina thamani gani pale dukani, na anatoa fedha kwa kuitazama. Kwake chupa nane nilizoziongeza si mapambo, ni dhamana isiyokuwepo kwenye shelfu. Kumpa mtu picha uliyoiongezea mzigo ili atoe pesa kunaingia kwenye kosa la kujipatia fedha kwa udanganyifu, kifungu cha 302 cha Kanuni ya Adhabu, na aliyeitengeneza akijua inakokwenda hawezi kujifanya mpita njia. Nilimwambia mama hivyo, kwa adabu, na nikamwambia pia kwamba hana sababu ya kuitumia: mzigo wake wa kweli ni mkubwa kuliko wa picha. Picha inaonyesha chupa kumi na tatu, yeye anazo 29.

Tukafanya kazi ya kuchosha ambayo ndiyo sahihi. Nilipiga shelfu kama lilivyo, mapengo na yote. Nikaenda Mikanjuni nikapiga katoni mbili zikiwa na utepe, moja kwa mbali ionekane chumba, moja kwa karibu maandishi ya ubavuni yasomeke. Nikapiga ukurasa wa daftari na risiti za manunuzi. Hakuna kilichoongezwa, hakuna kilichong'arishwa, na majina ya mafaili niliyaacha kama simu ilivyoyaandika. Ile ya kumi na tatu nilimwomba aitenge kwenye albamu yake peke yake, ili mtoto anayemsaidia dukani asije akaituma pasipo mahali pake.

Mchuuzi mmoja alinunua katoni nzima siku ya nane, zikabaki 17. Siku ya kumi na moja mama aliuza mbili za mwisho kati ya zile tano za rejareja, akanipigia.

"Mwanangu, zimebaki kumi na mbili."

"Picha iko wapi sasa hivi, mama?"

"Iko Instagram tu."

"Tuitoe?"

"Itoe. Mzigo ukifika nitakuita uje na kreti zako."

Hotpoti za Alhamisi zilifika Jumapili.